Sura ya Saba: Njia ya Radi, Kutoka Paani Hadi Mwambani

Mwezi Mei 1777 radi ilipiga jengo moja la maghala ya baruti huko Purfleet, kando ya mto Thames, mashariki ya London. Jengo hilo lilikuwa na mtego wa radi, tena uliofungwa kwa ushauri wa kamati ya wanasayansi iliyomjumuisha Benjamin Franklin mwenyewe. Ncha ya chuma ilikuwa imesimama juu ya paa kama ilivyopangwa. Radi ikaiacha, ikaenda kupiga kona ya ukuta wa paa, mahali palipokuwa na kipande cha chuma cha kushikiza mawe. Mawe na matofali machache yaling'oka na baruti haikuguswa, lakini swali lilibaki mezani: kwa nini radi iliipita fimbo iliyowekwa kwa ajili yake?

Waingereza waliligeuza swali hilo kuwa ugomvi wa ncha kali na ncha butu. Benjamin Wilson alidai ncha kali ndiyo iliyoleta balaa, na Mfalme George wa Tatu akawa upande wake. Ugomvi ulikuwa mkubwa, nao ulikosa shabaha. Kona ya Purfleet haikupigwa kwa sababu ya umbo la ncha. Ilipigwa kwa sababu fimbo ilikuwa mbali nayo, na kona ilikuwa wazi.

Ili kuelewa jambo hilo, tuanzie mawinguni. Radi haishuki kama jiwe lililodondoshwa. Kutoka kwenye wingu unashuka mkondo mwembamba wa chaji, nitauita mtangulizi, unaokwenda kwa hatua za makumi ya mita, ukisita na kuendelea, huku ukitoa matawi. Ukiwa bado juu, haujui chini kuna nini. Ukikaribia ardhi, nguvu ya umeme kwenye vitu vilivyochomoza inapanda mpaka vyenyewe vinaanza kutoa mikono ya chaji kwenda juu kuupokea. Mkono utakaowahi kukutana na mtangulizi ndio unaofunga njia, na hapo ndipo mkondo mkubwa unapopita. Umbali ambao mtangulizi "anachagua" mahali pa kupiga unategemea ukubwa wa radi yenyewe. Radi ya kiloampia 30, ambayo ni ya wastani, huchagua ikiwa umbali wa mita 90 hivi. Radi dhaifu ya kiloampia 5 huchagua ikiwa imebakiza mita 30 tu.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulishika kinyume. Radi kubwa ni rahisi kuinasa kwa sababu huanza kutafuta pa kupiga ikiwa bado mbali, na kilichochomoza zaidi huishika. Radi dhaifu ndiyo inayopenya. Inaweza kushuka ikapita pembeni ya fimbo ndefu, ikafika karibu na kona, kiyoyozi au reli ya roshani, ndipo ichague. Kwa hiyo anayepanga kinga ya jengo hajiulizi tu radi kubwa kuliko zote ni ipi. Anajiuliza pia ile ndogo kuliko zote anayotaka kuinasa ni ipi.

Wahandisi wameyageuza haya kuwa kipimo rahisi. Chukua mpira wa kufikirika wenye nusukipenyo sawa na ule umbali wa kuchagua, uviringishe juu ya jengo lote na kando zake. Popote mpira unapogusa, radi inaweza kupiga, hivyo pawekwe chuma cha kuipokea. Popote usipoweza kufika pamekingwa. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62305 kina madaraja manne ya kinga: daraja la kwanza linatumia mpira wa mita 20, la pili mita 30, la tatu mita 45 na la nne mita 60. Kadiri mpira unavyokuwa mdogo ndivyo unavyoingia kwenye mianya midogo, na ndivyo kinga inavyokuwa kali. Lau mpira huo ungeviringishwa juu ya paa la Purfleet, kona ile ingeonekana mara moja.

Sasa tuchukue jengo la mfano, tulitembee kutoka paani hadi chini ya msingi. Tuliweke Mwanza, mji uliojengwa juu ya mawe ya matale, kwenye ukingo wa kusini wa Ziwa Viktoria. Bonde la ziwa hilo ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi Afrika. Mchana mawingu ya ngurumo hujikusanya juu ya nchi kavu. Usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya maji yenye joto, na dhoruba hupiga ziwani hadi alfajiri. Jengo letu ni la ofisi, orofa 20, urefu mita 72, na chini lina mita 30 kwa 24. Fremu yake ni ya zege na nondo, kama majengo mengi ya miji yetu.

Swali la kwanza ni litapigwa mara ngapi. Kanuni ya kukadiria inasema jengo hukusanya radi kutoka eneo linaloenea kila upande kwa umbali wa mara tatu ya urefu wake. Kwa mita 72, umbali huo ni mita 216 kila upande, na eneo lote linafika karibu mita za mraba 170,000. Tukipanga kwa kudhani mapigo 10 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, jengo hili litapigwa kama mara 1.7 kila mwaka. Nyumba ya kawaida iliyo jirani, yenye urefu wa mita 3 na ukubwa wa mita 12 kwa 10, kwa hesabu hiyo hiyo itapigwa mara moja katika miaka 130. Mwenye nyumba anaweza kuishi maisha yake yote asione radi ikimgusa. Mwenye ghorofa ajue itamjia, na itamrudia.

Majengo marefu zaidi yana tabia nyingine tena. Mwaka 1935 Karl McEachron wa kampuni ya General Electric alianza kupiga picha radi za jengo la Empire State, New York, lenye mita 381 hadi paani. Picha zilionyesha kwamba radi nyingi za pale hazikuanzia mawinguni. Zilianzia kwenye kilele cha jengo, zikapanda. Jengo hilo hupigwa kama mara 20 hadi 25 kwa mwaka na bado limesimama, kwa sababu mifupa yake ni ya chuma kilichounganika kutoka kileleni hadi msingini. Nitairudia hoja hiyo ya mifupa, maana ndiyo kiini cha sura hii.

Kwa jengo letu la Mwanza tunachagua daraja la pili: mpira wa mita 30, unaokusudia kunasa radi kuanzia kiloampia 5. Paani tunaanza na mkanda wa shaba au alumini unaozunguka ukingo wote wa ukuta wa paa, kwa sababu kingo na kona ndizo zinazopigwa zaidi. Kisha tunaligawa paa kwa mikanda inayokatana na kufanya wavu wenye vyumba visivyozidi mita 10 kwa 10. Mtandao huo peke yake unalinda paa tupu. Lakini paa la ghorofa halibaki tupu: kuna chumba cha mashine za lifti, matangi ya maji, viyoyozi, madishi na milingoti ya simu. Hivyo vinahitaji fimbo za kunasa zilizosimama juu kuliko vyenyewe.

Fimbo ngapi, na kwa umbali gani? Mpira ndio unaojibu. Fimbo mbili zikiwa umbali wa mita 10, mpira wa mita 30 uliokaa juu yake unazama katikati kwa sentimita 42 tu. Zikiwa umbali wa mita 20, unazama mita 1.72. Kwa hiyo fimbo za mita 2 zilizoachana mita 20 zinabakiza nafasi ya sentimita 28 tu katikati, na kiyoyozi chenye kimo cha mita 1 kilichowekwa hapo kitapigwa. Zisogezwe ziachane mita 10, kiyoyozi hicho kitakuwa salama. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu na karatasi, na ni vizuri mwenye jengo aione ikifanywa.

Nasema hivyo kwa sababu sokoni kuna fimbo zinazouzwa kwa bei kubwa, zenye kichwa kinachong'aa, ambazo muuzaji anaahidi kwamba moja tu inatosha kukinga eneo la makumi ya mita kuzunguka. Dai ni kwamba kichwa hicho huwahi kutoa mkono wa kupokea radi kabla ya fimbo ya kawaida. Zina kiwango chao cha Kifaransa, lakini IEC 62305 haizipi nafasi ya ziada hata sentimita moja: fimbo ya aina hiyo inahesabiwa kama fimbo ya kawaida ya urefu huo huo. Msimamo wangu ni huo huo. Fimbo moja katikati ya paa, iwe na kichwa gani, ni kosa lile lile la Purfleet kwa bei ya leo.

Kisha kuna kando za jengo. Viringisha mpira wa mita 30 kutoka chini: utaona kwamba kuanzia mita 30 kwenda juu unagusa ukuta. Maana yake ghorofa linaweza kupigwa ubavuni. Si nadharia, mnara wa Ostankino wa Moscow, wenye mita 540, umepigwa mamia ya mita chini ya kilele chake. Nafuu ni kwamba zinazofika huko chini ni radi dhaifu na ni chache. Kiwango kwa hiyo kinataka tushughulikie asilimia 20 ya juu ya jengo, kwa sehemu iliyozidi mita 60. Kwetu ni mita 12 za mwisho, yaani orofa tatu na kitu. Huko fremu za alumini za madirisha, reli za roshani na vyuma vya pembeni viunganishwe na njia ya kushushia, navyo vitageuka kuwa vipokezi. Reli ya roshani iliyoachwa bila kuunganishwa itapokea radi vilevile, ila haitakuwa na pa kuipeleka isipokuwa kupitia zege, bomba au mtu.

Radi imenaswa. Sasa ishuke mita 72.

Watu wengi hufikiri mkanda mmoja mnene wa shaba unatosha, maana shaba haina ukinzani wa kutisha. Kweli, na mkanda wa milimita 25 kwa 3 hubeba mkondo wa radi bila kuyeyuka, kwa sababu mkondo wenyewe hudumu kwa muda mfupi mno. Tatizo liko kwenye kasi ya mkondo kupanda. Kila waya una tabia ya kupinga badiliko la ghafla la mkondo, kama mkokoteni uliojaa magunia unavyokubali kusukumwa polepole na kukataa kushtuliwa. Kwa mkanda ulionyooka, upinzani huo ni kama maikrohenri 1 kwa kila mita. Radi moja huwa na mapigo kadhaa yanayofuatana katika njia ile ile, na mapigo ya baadaye, ingawa ni madogo, hupanda kwa kasi inayoweza kufika kiloampia 100 katika maikrosekunde moja. Zidisha: kila mita ya mkanda huo, kwa kitambo hicho, inabeba tofauti ya volti 100,000. Mita 10 ni volti milioni 1. Shaba ni nzima, haijapata hata joto, na kilele chake kinataka kurukia chochote kilicho karibu chenye njia nyingine ya kwenda chini.

Huko kuruka pembeni ndiko kunakoharibu lifti na kuunguza kompyuta, na ndiko kunakoua mtu ndani ya jengo lenye mtego wa radi. Kiwango kina hesabu ya umbali ambao mkanda na vyuma vingine vinapaswa kuachana. Kwa daraja la pili, kukiwa na mkanda mmoja tu wa mita 72, umbali huo hewani ni mita 4.3, na kama kati yao kuna ukuta wa matofali ni mita 8.6. Hakuna ofisi ambayo nyaya zake zote zinaweza kukaa mita 8 kutoka ukuta wa nje. Bomba la maji likipita mita 1 kutoka kwenye mkanda huo, radi itarukia bomba.

Kuna dawa mbili, nazo hutumika pamoja. Ya kwanza ni kuigawa radi. Daraja la pili linataka njia ya kushushia kila mita 10 za mzingo. Mzingo wa jengo letu ni mita 108, kwa hiyo zinahitajika 11. Tunaweka 12, zikianzia kwenye kona nne, na kuzifunga kwa mikanda ya mlalo inayozunguka jengo kila mita 10 za kupanda. Mkondo ukigawanyika, kila njia inabeba sehemu tu, na volti zinashuka.

Dawa ya pili ni bora zaidi, na ndiyo ninayoipigania: tumia nondo za jengo lenyewe. Ndani ya kila nguzo ya zege kuna nondo nyingi zinazoshuka hadi msingini, na kila sakafu ni wavu wa nondo unaozishika nguzo zote. Zikiunganishwa vizuri, jengo zima linakuwa kizimba cha chuma kama mifupa ya Empire State. Mkondo unagawanyika katika mamia ya njia, na kwa jengo ambalo nondo zake zimeungana kweli kweli, kiwango hakidai tena ule umbali wa kuachana. Kuna faida nyingine ambayo kila msimamizi wa majengo wa huku kwetu ataielewa upesi. Mkanda wa shaba ulioko nje ya ukuta huibwa. Nondo iliyo ndani ya zege haiibwi.

Sharti ni kwamba kazi ifanyike kabla ya kumwaga zege, na hapo ndipo mambo huharibikia. Fundi nondo hufunga kwa waya wa kawaida ili nondo zisihame wakati wa kumwaga, basi. Kwa ajili ya radi, nondo za wima zilizochaguliwa ziunganishwe kwa kuchomelea au kwa klampu, au zipishane kwa urefu usiopungua mara 20 ya unene wake na kufungwa imara. Kwa nondo ya milimita 16, mpishano huo ni sentimita 32. Tena nondo iliyochaguliwa ipakwe rangi, kusudi fundi wa orofa inayofuata ajue ndiyo hiyo hiyo ya kuendeleza. Bila alama, fundi wa orofa ya tano ataendeleza nondo nyingine na njia itakatika hapo. Kila kiungo kipigwe picha kabla ya zege. Baada ya jengo kusimama, kipimo kinachukuliwa kutoka paani hadi usawa wa ardhi: ukinzani wote wa njia ya nondo usizidi omu 0.2. Ukizidi, nondo hizo haziwezi kuhesabiwa kuwa njia ya kushushia, na mikanda ya nje inarudi kuwa lazima.

Mkanda wa nje ukitumika, unyooke. Mafundi wengine huukunja mkanda kuzunguka ukuta wa paa, ukapanda, ukavuka na kushuka upande wa pili kama herufi U iliyopinduliwa. Radi haiifuati kona hiyo. Huruka mdomo wa U, na kama katikati yake amesimama mtu au pamepita waya, huyo ndiye njia.

Tumefika chini, Mwanza, kwenye jiwe.

Simulizi ya kawaida ya erthi ni hii: fimbo ya shaba ya mita 3 inapigiliwa ardhini, ukinzani unapimwa, ukiwa chini ya omu 10 kazi imekwisha. Kwenye udongo wenye unyevu, wa ohm-mita 100, fimbo ya mita 3 yenye unene wa milimita 16 hutoa omu 33 na nusu. Kwenye ardhi ya mawe yenye ohm-mita 1,000, fimbo hiyo hiyo hutoa omu 335, ikiwa utaweza kuiingiza, maana kwenye mwamba haipigiliwi bila kutoboa kwanza. Mkandarasi aliyefungiwa kwenye omu 10 huanza kuhangaika. Anachimba shimo, anajaza chumvi na mkaa, anamwagia maji, anapima siku hiyo hiyo na kipimo kinapendeza. Mvua za msimu mmoja au miwili zinaisafisha chumvi, na ile iliyobaki inaila shaba. Kama ni lazima kujaza kitu, udongo wa bentonaiti unashika unyevu na hauli chuma.

Jibu la ardhi ngumu halimo ndani ya shimo. Limo kwenye ukubwa. Tunazungusha mkanda wa shaba kuzunguka jengo lote, kina cha nusu mita au zaidi, kama mita 1 kutoka ukutani, na kuuunganisha na nondo za msingi. Duara hilo la mita 32 kwa 26 linashika eneo la mita za mraba 832. Kwenye ohm-mita 100 lingetoa kama omu 2. Kwenye mwamba wetu wa ohm-mita 1,000 linatoa omu 20. Omu 20 zinamtisha mkaguzi aliyekariri omu 10, lakini kiwango kinasema wazi kwamba pale omu 10 zisipofikika, kinachohukumu ni vipimo vya duara. Kwa daraja la pili na ardhi ya ohm-mita 1,000, wastani wa nusukipenyo unaotakiwa ni mita 9. Duara letu lina mita 16. Limepita.

Kwa nini kiwango kinakubali? Radi ya kiloampia 30 ikiingia kwenye omu 20, ardhi ya jengo inapanda hadi volti 600,000. Ikiwa ni omu 2, bado ni volti 60,000, ambazo zinaua vilevile. Hakuna erthi itakayozifanya volti hizo kuwa za kawaida. Kinachomwokoa mtu aliyeshika bomba kwa mkono mmoja na jokofu kwa mkono mwingine ni kwamba vyote viwili vimepanda pamoja, kwa kuwa vimefungwa kwenye baa moja ya kuunganishia karibu na msingi: mabomba, reli za lifti, erthi ya umeme, nondo, kila kitu. Tofauti haipo, kwa hiyo mkondo haupiti mwilini. Vinavyobaki hatarini ni nyaya zinazotoka mbali, za umeme na za simu, kwa sababu huko zilikotoka volti hazijapanda. Hizo haziwezi kufungwa moja kwa moja kwenye baa, kwa hiyo huwekewa vizuia-mshtuko pale zinapoingia jengoni, na vile vya mlangoni viwe vya daraja linalohimili mkondo wa radi yenyewe.

Nje, mtu aliyesimama karibu na mahali mkondo unapoingia ardhini huwa na volti tofauti kati ya mguu mmoja na mwingine. Ndani ya mita 3 kutoka kwenye mkanda wa kushushia, kokoto za unene wa sentimita 15 au lami ya sentimita 5 hupunguza hatari hiyo sana. Kituo cha kusubiria magari au meza ya mlinzi isiwekwe hapo.

Mambo mawili kuhusu metali, kwa sababu hayaonekani mpaka yameshaharibika. Nondo iliyo ndani ya zege, kwa umeme wa kutu, inafanana na shaba. Ukiifunga na fimbo ya chuma iliyopakwa zinki iliyoko kwenye udongo, fimbo hiyo italiwa. Kinachofungwa na msingi na kulala udongoni kiwe shaba au chuma cha pua. Na kama msingi umefunikwa kwa karatasi ya plastiki ya kuzuia maji, nondo zake hazigusi ardhi tena. Duara la nje ndilo linalobaki kuwa erthi.

Sasa kupima, na hapa mwenye jengo hudanganywa bila mtu kukusudia kumdanganya. Kwenye kila mkanda wa kushushia, karibu na ardhi, kuna kiungo cha kupimia kinachofunguliwa kwa boliti. Mpimaji anakifungua, anapima upande wa chini, anaandika omu 4, anaondoka. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu mita 72 zilizo juu ya kiungo. Mkanda unaweza kuwa umekatwa na waliopaka rangi orofa ya nane, na cheti kikaendelea kusoma omu 4. Upande wa juu upimwe kivyake. Na baada ya kupima, boliti irudishwe. Kiungo kilichoachwa wazi ni njia iliyokatwa mlangoni mwa ardhi.

Kuna kipimo kingine kinachopendwa kwa urahisi wake, kile cha koleo kinachokumbatia waya bila kufungua kitu. Kwenye erthi ya duara, mkondo wake unazunguka ndani ya chuma chenyewe na kurudi, bila kugusa udongo. Ukisoma omu 0.1 kwenye ardhi ya Mwanza, usifurahi. Umepima shaba. Kipimo cha kweli ni kile cha vijiti vitatu, na kwa duara lenye mshazari wa mita 41, kijiti cha mbali kinapaswa kuwa kama mita 200 kutoka kwenye jengo. Katikati ya mji kazi hiyo ni ngumu, ndiyo maana ni afadhali ipimwe mapema, kabla uwanja haujajengwa kote.

Kwa jengo la daraja la pili, ukaguzi wa macho hufanywa kila mwaka na ukaguzi kamili kila baada ya miaka miwili, na tena kila linapojulikana kupigwa. Mkaguzi atazame paani kwanza, kwa sababu paa ndilo linalobadilika: mlingoti mpya wa simu, matangi yaliyoongezwa, viyoyozi vilivyohamishwa. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuchomoza hadi kuguswa na mpira wa mita 30 siku ile ile kilipofungwa.

Ukikabidhiwa ghorofa, usitie sahihi kwa cheti cha omu peke yake. Dai picha za viungo vya nondo kabla ya zege, orofa kwa orofa. Dai kipimo cha njia kutoka paani hadi ardhini. Dai mchoro unaoonyesha mpira ukiviringishwa juu ya vyote vilivyopo paani leo. Asiyeweza kukupa vitatu hivyo hajakujengea kinga ya radi, amekufungia fimbo.